Sikloheksani Iliyokataa Kufika Nyuzi 80

Nilipokuwa mwaka wa pili nilimwaga sikloheksani safi kwenye chupa ya taka, mililita karibu 20, nikabakiza mililita mbili za mchanganyiko ambazo nilizipeleka kwa mwalimu nikiwa na uhakika kwamba ndizo zenyewe. Jaribio lilikuwa lile ambalo wengi wenu mtalikuta muhula huu: unapewa vimiminika viwili vilivyochanganyika kabisa, sikloheksani na toluini, uvitenganishe kwa kukeneka kwa mnara, kisha useme kila kimoja ni safi kiasi gani kwa kutazama kipimajoto tu. Kitabu kilisema sikloheksani huchemka kwa nyuzi 80.7 na toluini kwa 110.6. Matone yalipoanza kudondoka kwa nyuzi 76 nilijiambia huu ni uchafu wa mwanzo, ngoja upite. Nikangoja. Ulipita hadi silinda ikakaribia mililita 20, kisha kipimajoto kikaruka, nikabadilisha chombo haraka na kukinga kilichopita kati ya 80 na 82. Nyuzi 110 sikuziona kabisa, ingawa niliongeza moto hadi chupa ikakaribia kukauka.

Kitabu hakikukosea, na kipimajoto hakikuwa kibovu. Nilichosahau ni kwamba Kampala iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,190, na kitabu kiliandikwa kwa mtu aliye pwani. Makala hii ni kwa ajili ya yule atakayesimama pale niliposimama. Nitaeleza namna ya kufunga vyombo, lakini zaidi nitakaa kwenye swali la kipimajoto: kinakwambia nini, na ni wapi kinaweza kukudanganya.

Tuanze na sababu ya kutumia mnara. Chukua mililita 25 za sikloheksani na 25 za toluini. Kwa bahati nzuri vipimo hivi vinatoa idadi ya molekuli inayokaribia kulingana, kwa hiyo tuseme katika kila molekuli 100 zilizomo chupani, 50 ni sikloheksani na 50 ni toluini. Kwa hewa ya Kampala mchanganyiko huu huanza kuchemka kwenye nyuzi 88 hivi. Si 76 wala si 106, bali katikati, kwa sababu vimiminika hivi viwili huchemka pamoja. Wapo wanaodhani kwamba chepesi kitatoka chote kwanza huku kizito kimetulia kinasubiri zamu yake. Sivyo. Mvuke unaotoka hapo una vyote viwili, ila kile chepesi kimezidi: katika molekuli 100 za mvuke, 71 ni sikloheksani na 29 ni toluini.

Ukiupoza mvuke huo na kuukinga hapo hapo, umefanya ukenekaji wa kawaida, ule wa chombo cha shingo moja ambacho Waarabu walikiita al-anbiki. Utapata asilimia 71, na kadiri unavyoendelea kile chepesi kinapungua chupani, mvuke unazidi kuwa wa toluini, na kipimajoto kinapanda taratibu kutoka juu kidogo ya 85 hadi 105 bila kutua mahali popote. Hutajua ubadilishe chombo saa ngapi, kwa sababu hapana mpaka.

Sasa fikiria ule mvuke wa 71 unapanda ndani ya mnara, unagusa kitu cha baridi kidogo, unarudi kuwa kimiminika, kisha unapata joto la mvuke mwingine unaotoka chini na kuchemka upya. Kimiminika chenye 71 hutoa mvuke wenye 86. Ukirudia mara ya tatu unapata 94, mara ya nne karibu 98. Mnara hauna siri nyingine zaidi ya hiyo. Kila mahali ndani yake kimiminika kinachoshuka kinakutana na mvuke unaopanda, vinabadilishana, chepesi kinasukumwa juu na kizito kinarudishwa chini. Kwa hiyo unachohitaji kutoka kwa mnara ni vitu viwili: uso mpana wa kukutania, na muda. Makosa karibu yote ya maabara yanatokana na kuunyima mnara kimoja kati ya hivyo.

Kufunga vyombo

Anzia chini, upande juu. Chupa ya kitako cha mviringo ya mililita 100 inatosha kwa mililita 50 za mchanganyiko. Chupa isizidi nusu hivi, la sivyo povu litarukia mnarani. Ikalishe kwenye jiko la umeme lenye shimo la kukalia chupa, na ifunge kwa kibanio kwenye stendi. Moto wa wazi usifikirie hata kidogo: mvuke wa sikloheksani unashika moto hata kwenye baridi kali, na wa toluini hauko mbali sana nao. Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Weka jiko juu ya kitu unachoweza kukiondoa, kama kibao au jeki ndogo, ili siku mambo yakiharibika uliteremshe jiko, usiinue chupa.

Tia vijiwe vya kuchemshia viwili au vitatu kabla ya kuwasha. Ukisahau na kimiminika kimeshapata moto, zima, subiri kipoe, ndipo utie. Kijiwe kikitumbukia katika kimiminika ambacho kimepita kiwango cha kuchemka bila kuchemka, kitalipuka povu lote kwa mara moja hadi usoni kwako. Na ukizima katikati ya kazi, ongeza vijiwe vipya kabla ya kuwasha tena, kwa kuwa vile vya zamani vimeshanyonya kimiminika na vitundu vyake havina tena hewa.

Juu ya chupa unakaa mnara. Kama maabara yenu ina ule wa kioo wenye meno yaliyoingia ndani, unafaa. Kama hauna, bomba tupu la kioo lililojazwa pamba ya chuma kisichoshika kutu, ile ya kusugulia sufuria, hufanya kazi vizuri zaidi kuliko watu wanavyotarajia, kwa sababu uso wake ni mpana sana. Ijaze kwa ulegevu. Ukiishindilia, kimiminika kinachorudi kitakwama na kujikusanya, mvuke utakisukuma juu, na utaona maji maji yanabubujika katikati ya mnara badala ya kuteremka. Hapo mnara umefurika, wala hautenganishi chochote. Punguza moto, ungoje ushuke.

Mnara uvishwe. Uzungushie pamba au kitambaa kikavu, kisha karatasi ya alumini juu yake, ukiacha ufa mwembamba wa kuchungulia. Mnara usiovishwa hupoteza joto kwenye hewa ya chumba, na mvuke unaishia njiani. Mwanafunzi akiona hakuna tone linalofika anaongeza moto, na akishaongeza moto mvuke unapita kwa kishindo bila kupata muda wa kubadilishana na kimiminika kinachoshuka. Anapata matone, ndiyo, lakini ni yale yale ya ukenekaji wa kawaida.

Juu ya mnara kuna kiungo cha njia tatu, kipimajoto kinaingia kutoka juu na kondensa inatoka kwa ubavuni. Hapa ndipo simama uangalie kwa makini, kwani hukumu yako yote ya usafi itategemea mahali kilipokaa kile kitone cha kipimajoto. Juu ya kitone kuwe chini kidogo ya ukingo wa chini wa tundu la ubavuni, ili mvuke ukioshe kitone kizima kabla ya kukata kona. Kikiwa juu mno, mvuke utapita chini yake na kitasoma pungufu, mara nyuzi mbili, mara tano, tena kwa kuyumba yumba. Kikiwa kimezama mnarani kitasoma kuzidi, maana chini ni joto zaidi. Alama ya kwamba kimekaa sawa ni kuona tone la kimiminika linaning'inia kwenye ncha yake muda wote. Tone likikosekana, usiamini namba unayoisoma.

Maji ya kondensa yaingie chini na kutokea juu, ili bomba lijae. Kwenye kampasi ambayo mgao wa maji unaijua njia ya maabara, weka ndoo ya maji yenye barafu na pampu ndogo ya tangi la samaki, uzungushe maji yale yale. Nimefanya hivyo mara nyingi na hayakupungua. Mwisho kabisa, hakikisha mahali fulani mbele ya kondensa pako wazi kwa hewa. Vyombo vilivyozibwa pande zote kisha vikapashwa moto ni bomu.

Kabla ya kuwasha, jua maji yenu yanachemkia wapi

Kiwango cha mchemko ni joto ambalo mvuke wa kimiminika unaweza kusukumana sawa na hewa iliyo juu yake. Hewa ikipungua, joto linalohitajika linapungua. Kitabu kinachukulia hewa ya usawa wa bahari, milimita 760 za zebaki. Kampala hewa ni milimita 660 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 96. Kigali, iliyo juu zaidi, ni 95 kasoro. Bujumbura, kando ya ziwa, ni 97 na zaidi kidogo. Ndugu zetu wa Mombasa na Dar es Salaam ndio wanaoona 100 kama kitabu kinavyosema.

Kwa vimiminika visivyoshikana sana molekuli kwa molekuli, kama hivi viwili vyetu, kuna kanuni ya kukadiria ambayo imehusishwa na jina la Sydney Young:

Δt = 0.00012 × (760 − P) × (t + 273)

P ni hewa ya mahali ulipo kwa milimita za zebaki, t ni kiwango cha mchemko cha kitabuni, na Δt ni nyuzi za kupunguza. Kwa maji na alkoholi, ambazo molekuli zake zinashikana kwa nguvu, tumia 0.00010 badala ya 0.00012. Tukichukua P kuwa 659, tofauti ni 101. Kwa sikloheksani: 0.00012 × 101 × 353.7 ni nyuzi 4.3, kwa hiyo tunaitegemea 76.4. Kwa toluini: 0.00012 × 101 × 383.6 ni 4.6, kwa hiyo 106.0. Ni makadirio, yanaweza kupotoka kwa sehemu ya uzi mmoja, lakini yangeniokoa mimi na mililita zangu 20.

Hiyo P unaipata wapi? Kama ukutani kuna baromita, isome asubuhi ya jaribio. Usiichukue kwenye taarifa ya hali ya hewa ya simu. Namba inayotolewa pale kwa kawaida imeshageuzwa iwe kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ili ramani za nchi mbalimbali zilinganishwe. Itakuambia Kampala ina hewa ya kama milimita 760, nawe utaondoka ukiamini huhitaji kusahihisha kitu. Mtego huu umewanasa hata watu waliokwisha jua habari ya mwinuko.

Ikiwa baromita hakuna, tumia maji yenyewe. Kwanza tumbukiza kipimajoto chako kwenye barafu iliyopondwa pamoja na maji: kinapaswa kusoma sifuri, na mwinuko hauna athari ya maana hapo. Kisha kining'inize kwenye mvuke wa maji safi yanayochemka. Kikisoma sifuri kwenye barafu na 96 kwenye mvuke, kipimajoto chako kizima na hewa yako ni milimita 660 hivi. Kikisoma 2 kwenye barafu na 98 kwenye mvuke, kinazidisha mbili, nawe utazipunguza siku nzima. Dakika 15 tu, na namba zote zitakazofuata zitakuwa na mahali pa kusimama.

Alasiri moja ya kazi

Washa kwa moto wa wastani. Mchanganyiko utachemka, na utaona duara la unyevu likipanda ndani ya mnara, pole pole kama maji yanayopanda kwenye utambi. Lisipande haraka. Likikaribia kileleni punguza moto kidogo, uliache duara likae chini ya kipimajoto kwa dakika kadhaa, mvuke ukipanda na kimiminika kikirudi bila tone lolote kutoka. Watu wana haraka na hawapendi kipindi hiki, lakini ndicho kinachopanga mnara: chepesi kinakusanyika juu, kizito kinajipanga chini. Baada ya hapo ongeza kidogo tu hadi matone yaanze, tone moja kwa kila sekunde mbili. Kipimajoto kimesimama kwenye joto la chumba hadi sasa. Mvuke ukikifikia kitaruka ghafla.

Andika namba mbili kila baada ya mililita mbili: kiasi kilichokingwa, na nyuzi. Daftari la kazi iliyokwenda vizuri Kampala litafanana na hili. Tone la kwanza 75.5. Mililita 2, nyuzi 76. Kuanzia hapo hadi mililita 18 kipimajoto hakitoki kati ya 76 na 77. Mililita 20, nyuzi 79. Mililita 22, nyuzi 84. 24, nyuzi 93. 26, nyuzi 103. Mililita 28, nyuzi 105, na kutoka hapo hadi mililita 44 ni 105 hadi 106. Kisha unazima, chupani kukiwa kumebaki mililita tatu hivi, na nyingine kama hizo zimelowesha mnara. Usikaushe chupa kamwe.

Chora namba hizo kwenye karatasi, mililita chini na nyuzi ubavuni. Utaona uwanda, kisha mlima mkali, kisha uwanda wa pili. Uwanda wa kwanza unakingwa chombo cha kwanza, mlima chombo cha pili, uwanda wa pili chombo cha tatu. Badilisha chombo mara namba inapoanza kuhama, mathalani kwenye 78, wala usingoje ifike 85 ndipo uamke. Rudi tena kubadilisha ikishatulia juu ya 104. Chombo cha katikati ni mchanganyiko, kiwekee lebo na ukirudishe kwenye kundi la wiki ijayo. Chombo cha katikati kikiwa kidogo, mnara wako ni mzuri. Hicho ndicho nilichokipeleka mimi kwa mwalimu, nikaacha viwili vilivyo vyema.

Kuna jambo litakalokushangaza kama hukuambiwa. Pengine karibu na mililita 20 matone yatakoma na kipimajoto, badala ya kupanda, kitaanguka: 77, 74, 70. Wengi hudhani jiko limezimika. Kilichotokea ni kwamba sikloheksani imekaribia kwisha, toluini iliyobaki haijapata moto wa kutosha kufika kileleni, kwa hiyo hakuna mvuke unaokiosha kitone. Ni habari njema. Ina maana mnara umevitenganisha vizuri. Badilisha chombo, ongeza moto, na duara litapanda upya na toluini yake. Nyuzi zilizosomwa wakati wa kuanguka zisiingizwe kwenye hesabu ya usafi.

Kuhukumu usafi

Upana wa mchemko ni tofauti kati ya nyuzi ulizosoma chombo kilipoanza kupokea na nyuzi kilipomaliza. Kimiminika safi, hewa ikiwa haibadiliki, huchemka kwa joto lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kinachoondoka na kinachobaki ni kitu kimoja. Mchanganyiko unapanda, kwa sababu kila tone linaloondoka linaacha nyuma kizito zaidi. Ndiyo maana upana una maana kuliko namba yenyewe. Namba inabadilika kwa mwinuko, kwa kipimajoto, kwa mvua inayokuja. Upana unabadilika kwa uchafu tu, ilimradi kitone kimekaa mahali pake na moto haukuchezewa.

Kwa vyombo vya wanafunzi, upana wa uzi mmoja au miwili ni dalili ya kimiminika kilicho safi vya kutosha kwa kazi nyingi. Nyuzi tano ni mchanganyiko, hata kama namba ya katikati imegongana na ya kitabu. Chukua vile vyangu: nilipeleka chombo kilichokingwa 80 hadi 82, upana wa nyuzi mbili, na kitabu kikisema 80.7! Nilikuwa na ushahidi wote wa uongo. Lakini upana ule ulikuwa mwembamba kwa kuwa mimi ndiye niliyeukata. Ndani ya mlima unaweza kukata kipande cha nyuzi mbili popote upendapo. Kwa hiyo swali la kwanza si upana peke yake, ni: je, mililita ngapi zilipita ndani ya upana huo? Mililita 16 ndani ya uzi mmoja ni uwanda. Mililita mbili ndani ya nyuzi mbili ni mteremko uliopigwa picha kwa karibu. Ukiwa na shaka, kikeneke tena kile chombo peke yake, tangu mwanzo: kilicho safi kitarudia upana wake, kilichochanganyika kitatawanyika pande zote mbili.

Hata uwanda mrefu nao una mipaka yake. Ethanoli na maji ni mfano unaojulikana. Ethanoli safi usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 78.4, lakini ikiwa na maji hufika mahali, kwenye asilimia 95.6 kwa uzito, ambapo mvuke na kimiminika vina kipimo kile kile cha maji. Hapo mnara hauna tena cha kusukuma juu wala cha kurudisha chini. Mchanganyiko huo huchemka kwa nyuzi 78.2, uwanda mrefu ulionyooka kama wa kitu safi, na ndani yake kuna maji zaidi ya asilimia nne. Refusha mnara upendavyo, kwa hewa ya kawaida hutavuka. Wanakemia huuita mchanganyiko wa aina hiyo azeotropu. Kabla ya kuhukumu jozi yoyote mpya, tafuta kwanza kwenye majedwali kama ina azeotropu. Sikloheksani na toluini hazina, na hiyo ni sababu mojawapo ya walimu kuzipenda.

Mpaka wa pili ni vitu vinavyochemka kwa jirani sana. Benzini huchemka kwa 80.1 na sikloheksani kwa 80.7, kipimajoto chenye alama za uzi mmoja mmoja hakiwezi kukuambia umekamata kipi. Na wa tatu ni uchafu usiogeuka mvuke, kama chumvi au grisi iliyo chupani. Huo unabaki chini, kipimajoto cha kileleni hakiuoni, nao haudhuru kilichokingwa.

Kwa hiyo baada ya kipimajoto mpe shahidi wa pili. Kama mna chombo cha kupimia kupinda kwa mwanga, sikloheksani kwa nyuzi 20 husoma 1.426 na toluini 1.497, tofauti kubwa ya kutosha. Kama hamna, mzani unatosha. Chukua mililita 10 kwa pipeti safi, upime uzito. Kwa chumba cha nyuzi 25 sikloheksani safi ni gramu 7.74 na toluini ni 8.62. Ikiwa chombo chako cha kwanza kinapima 7.83, gramu 0.09 zimezidi katika tofauti ya 0.88, yaani karibu sehemu moja ya kumi ni toluini, hata kama kipimajoto kilikuchekea. Rudi uangalie ulibadilisha chombo wapi, au ulikwenda kwa kasi gani.

Mwalimu wangu alipopima mililita zangu mbili kwa mwanga wala hakusema neno. Alinionyesha baromita iliyoning'inia nyuma ya mlango, ambayo nilikuwa nimeipita kila wiki tangu muhula uanze, kisha akaniuliza ile taka iko chupa gani. Kwa bahati ilikuwa bado haijachanganywa na ya wengine. Tuliikeneka upya siku ile ile, na kwenye ripoti niliandika hivi, namna ambayo nawashauri nanyi muandike: sikloheksani, mililita 15, nyuzi 76.0 hadi 77.0 kwa hewa ya milimita 659 za zebaki. Ikisahihishwa kwa usawa wa bahari, 80.3 hadi 81.3.